Riba halisi ya mkopo kwa kugawa nusu kwa nusu: kwa nini njia hii haikosi, na ugawe mara ngapi

Mtu anakopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20, arejeshe kwa miezi 12. Mkopeshaji anachukua milioni, anaongeza 200,000, anagawa kwa 12, na rejesho la kila mwezi linakuwa 100,000. Hesabu ni nyepesi na kila mtu anaielewa. Tatizo ni kwamba ile asilimia 20 imepigwa juu ya milioni nzima kwa mwaka mzima, na mkopaji hakai na milioni hiyo mwaka mzima. Kila akilipa, deni linashuka, na baada ya rejesho la sita limebaki nusu na kidogo. Kwa hiyo tunataka kujua: kama riba ingekokotolewa kila mwezi juu ya deni lililobaki tu, ingekuwa asilimia ngapi kwa mwezi ili marejesho hayo hayo 12 yalimalize deni?

Iite riba hiyo r, kwa asilimia kwa mwezi. Rejesho la mwezi wa kwanza, likirudishwa nyuma hadi siku ya kukopa, lina thamani ya 100,000 kugawa kwa (1 + r/100). La mwezi wa pili ni 100,000 kugawa kwa (1 + r/100)², na hivyo hivyo hadi la 12. Jumla ya yote lazima iwe sawa na milioni iliyotolewa. Tukiitoa milioni hiyo tunapata fanksheni moja:

```
f(r) = 100000/(1+r/100) + 100000/(1+r/100)^2 + ... + 100000/(1+r/100)^12 - 1000000
```

Tunatafuta r ambapo f(r) = 0. Ukijaribu kuihamisha r ibaki peke yake upande mmoja utakwama, kwa sababu imejificha ndani ya vipeo 12. Kuikokotoa f kwa r yoyote utakayopewa, hata hivyo, ni kazi ya kikokotoo cha kawaida au jedwali la kompyuta. Hali hii ndiyo hasa inayohitaji mbinu ya kugawa nusu kwa nusu: fanksheni unaweza kuikokotoa popote, ila huwezi kuifungua.

Hatua ya 1: Tafuta ncha mbili zenye alama tofauti

Chagua r ndogo ambayo una hakika ni ndogo mno, na r kubwa ambayo una hakika ni kubwa mno. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, f(1) = +125,508. Maana yake, kwa riba hiyo marejesho yana thamani ya shilingi 125,508 zaidi ya mkopo, kwa hiyo riba halisi iko juu zaidi. Kwa asilimia 5, f(5) = −113,675, kwa hiyo riba halisi iko chini ya hapo. Alama zimetofautiana: chanya upande wa kushoto, hasi upande wa kulia. Kipande chetu cha kuanzia ni [1, 5], chenye urefu wa 4.

Kabla ya kuendelea, hakikisha jambo la pili, ambalo wengi hulipita bila kuliangalia: je, fanksheni hii haikatiki popote kati ya 1 na 5? Fanksheni isiyokatika ni ile ambayo ukiisogeza r kidogo sana, thamani yake nayo inasogea kidogo, bila kuruka. Yetu ni jumla ya visehemu 12, na kisehemu hukatika pale tu chini yake panapokuwa sifuri. Hapa chini kuna (1 + r/100), ambayo haifiki sifuri mpaka r iwe −100. Tuko salama kabisa.

Kwa mkopo huu kuna bahati ya ziada. Kila kisehemu kinapungua r ikiongezeka, kwa hiyo f inashuka tu moja kwa moja na kuvuka sifuri mara moja tu. Jibu ni moja. Mbinu yenyewe haihitaji hilo, lakini ni vizuri kulijua kabla hujamwambia mtu kwamba riba yake ni hii na si nyingine.

Hatua ya 2: Gawa, angalia alama, tupa nusu moja

Chukua katikati ya kipande, yaani 3. Kokotoa f(3) = −4,600. Ni hasi, kama ilivyo kwenye ncha ya kulia. Basi 3 inachukua nafasi ya 5, na kipande kipya ni [1, 3]. Laiti ingekuwa chanya, ingechukua nafasi ya 1. Kanuni ni hiyo moja tu: katikati inachukua nafasi ya ncha yenye alama kama yake, ili ncha mbili zibaki na alama tofauti daima.

Katikati ya [1, 3] ni 2, na f(2) = +57,534. Chanya, kwa hiyo kipande ni [2, 3]. Endelea hivyo:

| Mara | Katikati | f (shilingi) | Kipande kinachobaki |
|---|---|---|---|
| 1 | 3 | −4,600 | [1, 3] |
| 2 | 2 | +57,534 | [2, 3] |
| 3 | 2.5 | +25,776 | [2.5, 3] |
| 4 | 2.75 | +10,420 | [2.75, 3] |
| 5 | 2.875 | +2,869 | [2.875, 3] |
| 6 | 2.9375 | −876 | [2.875, 2.9375] |
| 7 | 2.90625 | +994 | [2.90625, 2.9375] |
| 8 | 2.921875 | +59 | [2.921875, 2.9375] |
| 9 | 2.9296875 | −409 | [2.921875, 2.9296875] |

Ukubwa wa f hatuutumii kabisa, tunatumia alama yake tu. Hapo ndipo penye nguvu ya mbinu hii na pia udhaifu wake: haidanganywi na umbo la fanksheni, lakini pia haifaidiki na habari kwamba −4,600 iko karibu na sifuri kuliko +125,508.

Jibu lenyewe, ukiendelea mbele, ni asilimia 2.9229 kwa mwezi kwa desimali nne. Zidisha kwa 12 upate asilimia 35.07 kwa mwaka. Hiyo ndiyo riba iliyokuwa ndani ya ile "asilimia 20".

Kwa nini lazima ifike

Swali la haki ni hili: tunajuaje kwamba vipande hivi vinavyopungua vinakaribia jibu, na si namba nyingine isiyohusika? Tulichoona kwenye jedwali ni mfano mmoja, na mfano si uthibitisho. Uthibitisho una sehemu tatu na hauhitaji kujua lolote kuhusu mikopo.

Kwanza, tazama ncha za kushoto peke yake: 1, 1, 2, 2.5, 2.75, 2.875, 2.875, 2.90625, 2.921875. Hazirudi nyuma hata mara moja. Kila mgawo, ncha ya kushoto ama inabaki palepale ama inasogea kulia. Na haziwezi kusogea bila mwisho, kwa kuwa zimezuiwa na ncha ya kulia, ambayo haikuwahi kupita 5. Namba zinazopanda bila kurudi na zenye dari juu yake lazima zijongelee kikomo fulani. Ncha za kulia nazo zinashuka bila kurudi, na zina sakafu chini yake, kwa hiyo nazo zina kikomo chake.

Pili, vikomo hivyo viwili ni kimoja. Urefu wa kipande ni 4, kisha 2, kisha 1, kisha nusu, kisha robo. Baada ya kugawa mara n ni 4 kugawa kwa 2 kipeo n. Hakuna umbali wowote, hata uwe mdogo namna gani, ambao mfuatano huu hautashuka chini yake. Kama vikomo viwili vingekuwa tofauti, umbali kati yake ungebaki ndani ya kila kipande, na kipande kisingeweza kufupika kuliko umbali huo. Kwa hiyo ncha zote mbili zinaelekea namba ileile. Iite c.

Tatu, na hapa ndipo fanksheni isiyokatika inapofanya kazi yake: f(c) ni sifuri. Chukulia si sifuri, tuseme f(c) ni shilingi +7. Kwa kuwa f haikatiki, kuna eneo dogo kuizunguka c, kushoto na kulia kwake, ambamo f haijashuka hata chini ya 3. Kumbuka sasa kwamba vipande vyetu vyote vimeibeba c ndani yake na vinafupika bila kikomo. Itafika wakati kipande kizima kimeingia ndani ya lile eneo dogo, pamoja na ncha yake ya kulia. Lakini kwenye ncha ya kulia f ni hasi. Tumehakikisha hivyo kila tulipogawa. Haiwezekani namba iwe hasi na papo hapo iwe juu ya 3. Kwa hiyo f(c) si +7, wala si chanya yoyote nyingine. Ukichukulia ni hasi, hoja ni ileile kwa kutumia ncha ya kushoto. Kilichobaki ni sifuri.

Hapo tumethibitisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba mbinu inafika, na kwamba jibu lipo. Hatukuanza kwa kudhani kuna mzizi. Tulianza na alama mbili tofauti na fanksheni isiyokatika, na mzizi ukajitokeza wenyewe. Bernard Bolzano, padri na mwanahisabati wa Praha, alichapisha mwaka 1817 uthibitisho kwamba fanksheni isiyokatika ikibadili alama lazima ipite sifuri. Kabla yake wengi waliliona jambo hilo kuwa wazi kwa macho, kwa kuwa mstari uliochorwa bila kunyanyua kalamu kutoka juu ya mhimili hadi chini yake lazima uukate mhimili.

Bolzano alikuwa sahihi kudai uthibitisho, na sababu yake unaweza kuiona ukichukua x² − 2 kwenye kipande [1, 2]. Kwenye 1 ni −1, kwenye 2 ni +2. Ukigawa nusu kwa nusu utapata 1.5, 1.25, 1.375, 1.4375, na zote ni visehemu vya kawaida. Lakini zinakokwenda, yaani kipeuo cha pili cha 2, si kisehemu. Kama ungekuwa na visehemu tu duniani, vipande vingefupika na kufupika juu ya tundu tupu. Kwa hiyo ile sehemu ya kwanza ya hoja, kwamba namba zinazopanda zikiwa na dari lazima ziwe na kikomo, si maneno ya kupita. Ni sifa ya mstari wa namba halisi kwamba hauna matundu, na bila sifa hiyo hoja yote inaanguka.

Hatua ya 3: Hesabu idadi ya kugawa kabla hujaanza

Mbinu nyingi za kutafuta mizizi hukuambia umefika baada ya kufika. Hii unaweza kuijulia idadi ya kazi kabla hujakokotoa chochote, na sidhani kama kuna sifa yake nyingine inayofaa kuliko hiyo.

Kipande cha kuanzia kina urefu wa b − a. Baada ya kugawa mara n urefu wake ni (b − a) kugawa kwa 2 kipeo n, na mzizi umo ndani. Kwa hiyo ukitaka kipande kisichozidi urefu e, unatafuta n ndogo kuliko zote inayotosheleza:

```
2^n >= (b - a) / e        yaani        n >= log2((b - a) / e)
```

Tuseme tunataka usahihi wa 0.01, yaani sehemu moja ya mia ya asilimia. Urefu wetu ni 4, na 4 kugawa kwa 0.01 ni 400. Hesabu vipeo vya 2 kwa vidole: 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Cha tisa ndicho cha kwanza kupita 400. Kwa hiyo n = 9. Kwenye kikokotoo, log 400 kugawa kwa log 2 ni 8.64, na daima unapanda hadi namba nzima inayofuata.

Kuna mgawo mmoja unaoweza kuuokoa. Ukitoa jibu lako kama katikati ya kipande kilichobaki, mzizi hauwezi kuwa mbali nayo zaidi ya nusu ya kipande. Kwa hiyo kipande kinaruhusiwa kuwa na urefu wa 2e, na mara 8 zinatosha. Rudi kwenye jedwali: baada ya mara ya 8 kipande ni [2.921875, 2.9375], katikati yake ni 2.9296875, na huna haja ya kuikokotoa f hapo. Kosa halizidi 0.0078. Tukilinganisha na 2.9229, kosa lenyewe ni kama 0.0068, ndani ya ahadi.

Hapa uamuzi wa e ni wako, na inafaa uufanye kwa kuangalia matumizi ya jibu. Kosa la 0.01 kwa mwezi likizidishwa kwa 12 ni 0.12 kwa mwaka. Kama unachotaka kutamka ni riba ya mwaka iliyo sahihi kwa 0.01, basi kwa mwezi unahitaji 0.01 kugawa kwa 12, yaani 0.00083. Kisha 4 kugawa kwa hiyo ni 4,800. Kipeo cha 12 cha 2 ni 4,096, hakitoshi. Cha 13 ni 8,192. Basi ni mara 13, au 12 ukitoa katikati. Usahihi umeongezeka mara 12 kwa gharama ya migawo minne tu ya ziada.

Uwiano huo ndio wa kukumbuka. Kugawa mara 10 kunafupisha kipande mara 1,024, kwa hiyo kila mara 10 zinakupa tarakimu tatu za desimali, na tarakimu moja ni mara tatu na theluthi hivi. Na kwa sababu hiyohiyo, usijitaabishe kutafuta kipande kifupi cha kuanzia. Ungeanza na [0, 100] badala ya [1, 5], ungekuwa na 100 kugawa kwa 0.01, yaani 10,000, na mara 14 zingetosha badala ya 9. Kipande kirefu mara 25, kazi ya ziada migawo mitano tu. Afadhali uwe na hakika na alama za ncha kuliko kuwa na ncha zilizokaribiana.

Ahadi ni ya kipande, si ya katikati

Kuna jambo kwenye jedwali linaloweza kumchanganya mtu. Katikati ya kwanza, 3, iko umbali wa 0.08 kutoka kwenye jibu. Ya pili, 2, iko mbali kwa 0.92. Ya nane, 2.921875, imekaribia kwa 0.001, halafu ya tisa imerudi nyuma hadi 0.007. Namba za katikati haziendi zikikaribia kila mara, zinarukaruka. Kinachopungua kila mara bila kukosa ni urefu wa kipande, yaani ukubwa wa kosa linalowezekana.

Kwa hiyo usitupe matokeo kwa sababu katikati ya mwisho inaonekana mbaya kuliko iliyotangulia. Ukiwa na f karibu na sifuri, kama ile +59 ya mara ya nane, ni dalili nzuri kwa fanksheni hii kwa sababu tunajua mteremko wake: karibu na mzizi, kila 0.01 ya riba inabadili f kwa shilingi 600 hivi. Kwa fanksheni iliyolala karibu na mhimili, f inaweza kuwa ndogo mno huku mzizi ukiwa mbali. Urefu wa kipande hauna udanganyifu huo.

Yanayoharibika, na dalili zake

Alama zikilingana kwenye ncha mbili, usianze. Huenda hakuna mzizi, huenda kuna miwili, huenda upo mmoja unaogusa mhimili bila kuuvuka, kama x² − 4x + 4 kwenye 2. Huo wa mwisho mbinu hii haiwezi kuupata kamwe kwa kipande chochote, kwa kuwa alama haibadiliki. Gawa eneo katika vipande vidogo na uangalie alama za kila kimoja, au chora grafu. Na kama mizizi ni mitatu ndani ya kipande, utapata mmoja tu, na mbinu haitakuambia kuna mingine.

Hatari kubwa zaidi ni fanksheni inayokatika, kwa sababu mbinu inaendelea kama kawaida na inakupa jibu safi. Jaribu tan x, kwa radiani, kwenye [1, 2]. Kwenye 1 ni +1.56, kwenye 2 ni −2.19, alama tofauti. Katikati 1.5 inatoa +14.1. Kisha 1.75 inatoa −5.5, 1.625 inatoa −18.4, na 1.5625 inatoa +120. Vipande vinafupika vizuri kuelekea 1.5708, ambayo ni nusu ya pai, mahali ambapo tan haina thamani kabisa. Dalili iko kwenye safu ya f: badala ya kushuka kuelekea sifuri, inapanda. Kwa fanksheni inayoruka kutoka, tuseme, +40 hadi −25, safu ya f itaganda karibu na namba hizo mbili bila kushuka. Ndiyo maana, ingawa kanuni inatumia alama tu, mimi siku zote huandika ukubwa wa f pia na kuupitia kwa macho baada ya kumaliza.

Hatari ya tatu inatokana na namna unavyoandika mlinganyo. Kuna wanaotumia muhtasari wa ile jumla, kisha kuzidisha kila kitu kwa r ili kuondoa kisehemu. Kwa mkopo wetu, r ikiandikwa kwa desimali na si asilimia, hupatikana 10r − 1 + (1 + r)^(−12) = 0. Ni fupi na inapendeza, lakini kuzidisha kumeingiza mzizi wa bandia: weka r = 0 uone, inatoa sifuri. Anayeanza na ncha ya 0 atapata riba sifuri, na hesabu yake itaonekana sahihi. Jumla ndefu ya visehemu 12 haina tatizo hilo. Kwenye sifuri inatoa +200,000, ambazo ndizo zile laki mbili za ziada.

Kwa kompyuta

Programu fupi ya Python inatosha. Idadi ya kugawa inahesabiwa mwanzoni, na jibu ni katikati ya kipande cha mwisho.

```python
import math

def f(r):
    return sum(100000 / (1 + r/100)**k for k in range(1, 13)) - 1000000

def gawa(f, a, b, e):
    fa, fb = f(a), f(b)
    if fa == 0: return a
    if fb == 0: return b
    if (fa > 0) == (fb > 0):
        raise ValueError("alama za ncha zinalingana")
    n = max(0, math.ceil(math.log2((b - a) / e)) - 1)
    for _ in range(n):
        m = a + (b - a) / 2
        fm = f(m)
        if fm == 0: return m
        if (fm > 0) == (fa > 0):
            a = m
        else:
            b = m
    return a + (b - a) / 2

print(gawa(f, 1, 5, 0.01))
```

Itachapisha 2.9296875, ileile tuliyoipata kwa mkono baada ya mara 8. Alama zinalinganishwa moja kwa moja badala ya kuzidisha fa kwa fm na kuuliza kama zao ni hasi. Kuzidisha kunafanya kazi mpaka siku namba zote mbili ni ndogo mno, kama 10 kipeo −200 kila moja. Zao lake linapungukia uwezo wa kompyuta na kuwa sifuri, na alama inapotea.

Nimetumia kitanzi chenye idadi maalumu, si kile cha "endelea mpaka kipande kiwe kifupi kuliko e", kwa sababu hisabati inaruhusu kugawa bila mwisho lakini kompyuta hairuhusu. Namba za desimali za kawaida kwenye kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16. Kati ya 2 na 4, namba mbili zinazofuatana zimeachana kwa 2 kipeo −51. Kipande chenye urefu wa 4 kinafikia umbali huo baada ya kugawa mara 53, na baada ya hapo hakuna namba iliyobaki katikati: m itakuwa sawa na a au b. Ukidai e ya 10 kipeo −20 kwenye kitanzi cha "endelea mpaka", programu inaweza isisimame kamwe. Ukiona m imelingana na moja ya ncha, umefika mwisho wa uwezo wa mashine.

Mara nyingi mwisho wa kweli huja mapema zaidi, kwa sababu f yenyewe ina kosa. Kama thamani zako za f zimetoka kwenye jedwali lenye kosa linaloweza kufika shilingi 500, basi popote f ya kweli ilipo ndani ya 500 ya sifuri huwezi kuiamini alama yake. Kwa mteremko wa shilingi 600 kwa kila 0.01, eneo hilo ni kama 0.008 kila upande wa mzizi. Ukigawa zaidi ya hapo utapata tarakimu nyingi nzuri za kosa la jedwali. Linganisha 0.008 hiyo na e uliyoichagua kabla ya kuamua n, na kama e ni ndogo zaidi, tafuta f iliyo sahihi zaidi kwanza.